Mapinduzi na chama kimoja baada ya uhuru: anzia Januari 1964, usianzie kwenye jina la rais

Swali huwa linakuja hivi: eleza kwa nini nchi nyingi za Afrika ziliangukia kwenye mapinduzi ya kijeshi na utawala wa chama kimoja baada ya uhuru. Majibu mengi ya mwaka wa kwanza hugeuka wasifu wa watu. Amin alikuwa katili, Obote alikuwa na tamaa ya madaraka, Nkrumah alijikweza. Mengine katika hayo yana ukweli, lakini hayajibu swali. Kati ya mwisho wa Desemba 1965 na mwisho wa Februari 1966, wanajeshi walichukua madaraka Dahomey (sasa Benin), Jamhuri ya Afrika ya Kati, Volta ya Juu (sasa Burkina Faso), Nigeria na Ghana. Ni nchi tano ndani ya takribani miezi miwili, na marais na mawaziri wakuu walioangushwa hawakufanana kwa tabia, kwa siasa, wala kwa lugha waliyotawalia. Kama sababu ni tabia ya mtu, utalazimika kuamini kwamba tabia mbaya iliambukiza nchi tano kwa mpigo.

Kwa hiyo tutafute sababu inayoweza kufanya kazi hata ukibadilisha majina. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mahali pazuri pa kuitafuta ni siku tano za Januari 1964.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno, kwa sababu hapa ndipo insha nyingi zinapopotea mapema. Maasi ya jeshi ni askari kukataa amri za wakubwa wao; wanaweza kudai mshahara au kuondolewa kwa maofisa fulani, bila kutaka kutawala. Mapinduzi ya kijeshi ni kundi la ndani ya dola, kwa kawaida jeshi, kuiondoa serikali na kukaa mahali pake. Ukitaka kuyatofautisha, angalia redio. Wanaopindua huikimbilia redio mara moja, maana wana jambo la kuitangazia nchi: Uganda mwaka 1971 walisoma sababu 18 za kumwondoa Obote, na Nairobi Agosti 1982 walimshurutisha mtangazaji wa Sauti ya Kenya atangaze kwamba serikali imeanguka. Wanaoasi kwa ajili ya mshahara humtafuta waziri.

Chama kimoja nacho kina sura mbili. Kuna chama kimoja kwa hali halisi, yaani sheria inaruhusu vyama vingine lakini havipo, vimefifia au vimepigwa marufuku kimoja kimoja. Na kuna chama kimoja kwa sheria, ambapo katiba yenyewe inakitaja chama na kuvifunga vingine. Kenya ilikaa katika hali ya kwanza kuanzia mwaka 1969 na ikaingia ya pili Juni 1982. Ukichanganya sura hizi mbili, tarehe zako zote zitagombana.

Siku tano, nchi tatu

Tarehe 20 Januari 1964, usiku wa manane, askari wa kikosi cha kwanza cha jeshi la Tanganyika katika kambi ya Colito, ambayo leo inaitwa Lugalo, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, wakaingia mjini Dar es Salaam na kushika sehemu muhimu. Maofisa hao walipakiwa kwenye ndege na kupelekwa Nairobi. Siku iliyofuata kikosi cha pili kilichokuwa Tabora nacho kiliasi. Tarehe 23 askari wa Uganda kambini Jinja walimzuia waziri Felix Onama, aliyekwenda kuzungumza nao. Usiku wa tarehe 24 ikawa zamu ya kikosi cha 11 cha Kenya, kambini Lanet karibu na Nakuru.

Hawa wote walikuwa na madai mawili: mshahara upandishwe, na maofisa Waingereza waondoke ili Waafrika wapandishwe vyeo. Tanganyika, askari wa kawaida alikuwa analipwa takribani shilingi 105 kwa mwezi, na walidai 260. Hakuna aliyesoma tangazo la serikali mpya. Waziri Oscar Kambona ndiye aliyetafutwa ili azungumze nao, na ndiye aliyezunguka akiwatuliza. Kwa kipimo chetu, hayo yalikuwa maasi. Walichoonyesha lakini ni kikubwa kuliko madai yao: kikosi kimoja chenye bunduki kiliweza kumfanya rais aliyechaguliwa kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura ajifiche kwa siku mbili.

Nyerere, Obote na Kenyatta walikuwa watu watatu tofauti kabisa. Mmoja alikuwa mwalimu aliyeongoza chama kilichoenea karibu kila wilaya. Wa pili alikuwa waziri mkuu wa serikali ya muungano wa vyama, akigawana heshima ya dola na Kabaka wa Buganda aliyekuwa rais. Wa tatu alikuwa mzee aliyetoka kizuizini, na nchi yake ilikuwa na uhuru wa wiki sita tu. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa na miaka miwili, wa Uganda mwaka mmoja na miezi mitatu. Kilichofanana katika nchi zote tatu kilikuwa jeshi lenyewe.

Jeshi lililorithiwa

Vikosi vyote vitatu vilitoka katika jeshi moja la kikoloni, King's African Rifles, ambalo wazee walizoea kuliita Keya. Ili kuelewa jeshi hilo lilikuwa nini, fikiria umenunua nyumba pamoja na mlinzi wake. Mlinzi huyo aliajiriwa na mwenye nyumba wa zamani, na kazi aliyopewa haikuwa kuzuia wezi wa nje. Alitakiwa kuhakikisha wapangaji wa ndani hawaleti fujo. Sasa wapangaji ndio wenye nyumba, naye bado ana funguo.

Keya walipigana nje katika vita vikuu viwili, lakini kazi yao ya kila siku nyumbani ilikuwa kuulinda utawala dhidi ya wananchi. Kwa sababu hiyo waliandikishwa kwa uangalifu kutoka makabila ambayo Waingereza waliyaita ya kivita: Wakamba na Wakalenjini kwa wingi Kenya, Waacholi na watu wengine wa kaskazini Uganda. Watu waliokuwa karibu na shule, biashara na siasa za mijini hawakutafutwa sana. Matokeo yake, siku ya uhuru siasa ilikuwa mikononi mwa watu wa sehemu fulani na bunduki mikononi mwa watu wa sehemu nyingine, na mgawanyo huo ulipangwa ofisini kabla chama chochote cha kitaifa hakijazaliwa.

Jambo la pili ni vyeo. Mwafrika ndani ya Keya alipanda hadi ngazi fulani na kukwama. Katikati ya miaka ya 1950 kiliundwa cheo cha efendi, kilichokaa juu ya sajini lakini chini ya ofisa wa kweli, hasa kwa ajili ya kuwaridhisha Waafrika bila kuwapa amri juu ya Wazungu. Idi Amin alikuwa mmoja wa waliopata cheo hicho, na mwaka 1961, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru, alifanywa ofisa kamili, miongoni mwa Waganda wawili wa kwanza. Hapa ndipo panapostahili kuangaliwa kwa makini katika insha yako. Jina la Amin halikutoka katika orodha ndefu ya maofisa waliosoma na kuiva. Orodha yenyewe ilikuwa fupi mno. Yeyote ambaye angekuwa waziri mkuu Kampala mwaka 1962 angekuta jeshi lenye maofisa wa Kiafrika wa kuhesabu kwa vidole, na angelazimika kuwapandisha haraka hao hao au kuwabakiza Waingereza.

Jambo la tatu ni fedha. Askari waliona mawaziri na makatibu wapya wakiingia katika nyumba na mishahara iliyowekwa kwa kiwango cha ofisa wa Kizungu, huku wao wakiendelea na mshahara wa Keya. Serikali nazo zilitegemea mapato ya mazao machache, kama kahawa, pamba na mkonge, ambayo bei zake hazikupangwa Dar es Salaam wala Kampala. Kupandisha mishahara ya jeshi zaidi ya maradufu maana yake ilikuwa kukata shule na zahanati. Kukataa maana yake ilikuwa kujaribu kama jeshi litatii.

Sasa angalia magharibi, uone kama sababu hizi zinasafiri. Togo, Januari 1963, Rais Sylvanus Olympio aliuawa katika mapinduzi yaliyofanywa na askari wa Kitogo waliorudi kutoka jeshi la Ufaransa. Walitaka waingizwe kwenye jeshi la taifa, naye alikataa kulipanua kwa sababu ya gharama. Mkoloni alikuwa mwingine na kiongozi mwingine, lakini fundo lilikuwa lile lile: askari waliotengenezwa kwa ajili ya dola nyingine, na hazina ya nchi mpya isiyoweza kuwabeba.

Uamuzi wa viongozi unaingia wapi

Baadhi ya wanafunzi wakishapata hoja ya urithi wa kikoloni huikumbatia mpaka viongozi wanatoweka kabisa. Hilo nalo ni kosa, na mtahini mzuri ataliona. Serikali zote tatu ziliita majeshi ya Uingereza kuzima maasi, lakini baada ya hapo kila moja ilifuata njia yake.

Tanganyika ilivunja jeshi karibu lote na kuanza upya. Jeshi jipya lililozaliwa Septemba 1964 liliandikisha vijana kupitia chama, hasa Umoja wa Vijana wa TANU, na askari aliruhusiwa kuwa mwanachama. Kenya iliwafikisha askari wa Lanet mbele ya mahakama ya kijeshi, ikakivunja kikosi chao, ikabaki na maofisa Waingereza kwa muda, na kukijenga kikosi cha polisi cha GSU kiwe na nguvu ya kulikabili jeshi ikibidi. Uganda ilikubali nyongeza ya mshahara, na jeshi likaendelea kukua haraka, kwa sehemu kubwa likiwa na watu wale wale.

Kutoka hapo unaweza kufuata mnyororo. Mwaka 1966, ugomvi wa Obote na Kabaka ulipochemka, Obote alisimamisha katiba mwezi Februari, na tarehe 24 Mei jeshi lililoongozwa na Amin lilishambulia ikulu ya Kabaka huko Lubiri. Serikali iliyotumia jeshi kumaliza ugomvi wa kisiasa ilikuwa imelionyesha jeshi kwamba ndilo mwamuzi. Miaka mitano baadaye, tarehe 25 Januari 1971, mwamuzi aliamua kwa niaba yake mwenyewe.

Lakini usiandike kana kwamba mwaka 1964 kila mtu aliona 1971 ikija. Nyongeza ya mshahara ilionekana wakati ule kuwa njia ya amani kuliko zote, na kuvunja jeshi zima kulionekana hatari kubwa. Obote, tofauti na Nyerere, hakuwa na chama kilichoenea nchi nzima ambacho kingeweza kumpa askari wapya waaminifu kwa miezi michache. Kwa hiyo hata uamuzi wenyewe ulikuwa na mipaka iliyowekwa na mambo ambayo hakuyaunda. Hii ndiyo kazi ngumu ya insha hii, na ndipo alama zilipo: kuonyesha mtu akichagua ndani ya chumba ambacho kuta zake alizikuta.

Chama kimoja kilikujaje

Hapa picha inayotawala ni ya rais aliyewafukuza wapinzani ili akae peke yake. Tazama namba za Tanganyika kabla ya uhuru. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na viti 58 havikuwa na mgombea wa kushindana nao. Kiti kimoja kilichobaki, Mbulu, kilichukuliwa na mgombea binafsi. Vyama vingi viliruhusiwa, na mamlaka ya kikoloni ndiyo iliyosimamia uchaguzi, lakini mwananchi wa majimbo 58 hakupiga kura ya ubunge kabisa.

Tume iliyoundwa Januari 1964 chini ya Rashidi Kawawa ilipewa kazi ya kupendekeza namna ya chama kimoja, si kuuliza kama kinatakiwa, na hilo lazima ulitaje. Jibu lake lilikuwa kuruhusu wagombea wawili wa TANU katika jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Katika uchaguzi wa 1965 mawaziri wawili walipoteza viti vyao. Wapiga kura walipata nafasi ya kumwangusha mbunge, jambo ambalo wengi hawakuwa nalo mwaka 1960, na papo hapo walipoteza nafasi ya kuiangusha serikali. Sentensi hiyo inahitaji pande zote mbili. Ukiacha mmoja utakuwa umetoka kwenye kueleza na kuingia kwenye kutetea au kushtaki.

Kenya ilifika kwa njia nyingine. KADU, chama cha upinzani, ilijivunja yenyewe Novemba 1964 na wabunge wake wakajiunga na KANU, chama cha Kenyatta. Hakuna aliyewafunga. Barabara, shule, leseni, mikopo na kazi vyote vilitoka serikalini, na mbunge wa upinzani alirudi jimboni mikono mitupu. Sekta binafsi ya Waafrika ilikuwa ndogo mno kuweza kulisha chama kilicho nje ya serikali. Chama kilichofuata, KPU cha Oginga Odinga, hakikujivunja. Kilipigwa marufuku Oktoba 1969 na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Uganda nayo ilianza na wabunge wa upinzani kuhamia upande wa serikali, akiwemo kiongozi wa upinzani bungeni, Basil Bataringaya, na ikamaliza kwa marufuku ya vyama vingine Desemba 1969 baada ya Obote kupigwa risasi.

Unaona kwamba chama kikubwa kilivuta watu kwanza, na marufuku ikaja kwa waliokataa kuvutwa. Zana za marufuku hazikubuniwa upya. Kizuizini bila kesi kilikuwa chombo cha kawaida cha serikali ya kikoloni, na Wakenya walikijua vizuri kutoka hali ya hatari ya 1952 hadi 1960. Tanganyika ilitunga sheria yake ya kuwaweka watu kizuizini mwaka 1962, ndani ya mwaka mmoja wa uhuru. Kutunga huko kulikuwa chaguo la serikali huru. Mfano wa kuiga ndio ulikuwa umeshawekwa.

Jambo hili linasaidia pia kujibu wale wanaosema chanzo cha yote ni ukabila. Kenya, kuanzia 1955 hadi karibu 1960, serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika kuunda vyama vya wilaya tu. Chama cha nchi nzima kilikatazwa. Wanasiasa wakajifunza siasa wilayani, na wilaya zilichorwa kwa kiasi kikubwa kufuata makabila. Ukikutana na ukabila katika siasa za 1963, una haki ya kuutaja, lakini uliza umepitia mlango gani.

Je, chama kimoja kilileta mapinduzi, au kiliyazuia?

Hili ndilo dai linalorudiwa zaidi pande zote mbili, na linaanguka ukililinganisha na matukio. Ghana ikawa nchi ya chama kimoja mwaka 1964. Jeshi likaipindua serikali Februari 1966. Nigeria ilikuwa na vyama vingi na majimbo yenye nguvu; jeshi likaingia Januari 1966, wiki sita kabla ya Ghana. Tanzania ilikuwa na chama kimoja na jeshi halikuwahi kuipindua, ingawa mwaka 1983 walikamatwa wanajeshi na raia kwa njama. Kenya iliandika chama kimoja kwenye katiba Juni 1982 na jaribio la mapinduzi la askari wa anga likaja Agosti mosi. Botswana ilibaki na vyama vingi bila mapinduzi, lakini kumbuka haikuwa na jeshi hadi 1977.

Kwa hiyo idadi ya vyama peke yake haitabiri. Kinachoonekana kuwa na uzito zaidi ni uhusiano wa jeshi na serikali: askari waliandikishwaje, nani anawalipa, kuna kikosi kingine cha kulikabili jeshi, na je, serikali imewahi kulitumia kumaliza ugomvi wa kisiasa. Weka maswali hayo manne mbele ya kila nchi unayoiandikia, utapata aya zenye hoja badala ya masimulizi.

Unapoandika, pima kila sentensi kwa kufuta jina. Chukua hii: "Obote alileta udikteta wa kijeshi Uganda." Futa Obote, hakuna kinachobaki. Sasa hii: "Serikali ya Uganda ilirithi jeshi lenye maofisa wachache wa Kiafrika, ikakubali madai ya waasi wa 1964 bila kulijenga upya, na mwaka 1966 ikalitumia dhidi ya Kabaka; Obote alichagua hatua hizo mbili za mwisho, lakini hakuchagua ya kwanza." Hapa lawama ipo, tena imewekwa mahali pake, na msomaji anajua sehemu gani ilikuwa ya mtu na sehemu gani ilikuwa ya dola aliyoikuta.

Hoja hii ina mpaka wake, na ni vizuri uutaje mwenyewe kabla mtahini hajakuuliza. Inaeleza vizuri kwa nini majeshi yaliweza kutishia serikali na kwa nini vyama vikubwa vilimeza vidogo. Haielezi ukatili ulioendelea Uganda baada ya 1971. Urithi wa Keya ulikuwa Tanzania na Kenya pia, na kule haukuzaa utawala wa aina ile. Ukifika kwenye miaka hiyo, mtaje Amin kwa jina, taja na maamuzi yake.